Dole Gumba la Kulia

Kulipopambazuka, Anisia alikuwa tayari ameketi kitandani, kioo kikiwa kimesimamishwa katikati ya magoti yake. Kigutu cha mkono wa kulia kilijificha nyuma ya kioo. Mbele alifumbua na kufumba vidole vya kushoto polepole. Ndani ya kioo ulionekana mkono wa kulia, mzima, ukifunguka. Hapo ndipo kucha alizozihisi usiku kucha zikichoma kiganja kisichokuwepo zilipolegea.

Miezi minne ilikuwa imepita tangu karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ilipoinasa glavu yake na kuondoka na mkono hadi karibu na kiwiko.

Mumewe, Donatus, alileta bandeji. "Nikufunge?"

"Acha nijaribu."

Aliibana ncha kwa kidevu, akaizungusha mshazari: akikaza chini, akilegeza kadiri anavyopanda, ili kigutu kisinyae kipate kuvaa kiungo bandia. Bandeji ilimponyoka mara mbili. Donatus alitazama pembeni.

Saa sita mchana alikuwa kwenye ofisi ya ardhi, Masumbwe, kuchukua hati ya kiwanja alichonunua kabla ya ajali. Karani Athanas alimwamkia vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akamsogezea fomu. Anisia alisaini kwa mkono wa kushoto; herufi zikayumba kama mtoto anayejifunza kutembea. Athanas akafungua jalada la zamani. Sahihi yake ya pale ilikuwa imenyooka, yenye mkia mrefu. Ndiyo mwandiko uliomfanya awe katibu wa kikundi cha wanawake wa karasha. Wenzake walikuwa wakisema, mwandiko wa Anisia hauhitaji miwani.

"Hazifanani, mama. Basi weka dole gumba la kulia."

Anisia aliinua kanga kidogo. Karani aliona, akakohoa.

"La kushoto hili hapa," Anisia alisema.

"Fomu inataka la kulia. Uende mahakamani ukale kiapo kwamba wewe ndiye wewe."

"Na nikiapa, nitasaini kwa mkono upi?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka.

"Mayu, mama yangu, mimi sikutunga fomu."

"Basi andika umenikatalia kwa nini."

Athanas aliandika: *Hana dole la kulia.* Kalamu yake ilikimbia, haikufikiri. Anisia hakusoma maneno; aliutazama ule mkono wa kijana, jinsi kifundo kilivyogeuka chenyewe mwisho wa mstari. Siku ya mazishi ya mkono wake hakulia. Waliuzika wakwe, yeye akiwa wodini. Sasa machozi yalimtoka mbele za watu, naye hakuyafuta.

"Nipe karatasi," alisema baadaye. "Namwandikia mkuu wako."

"Mama, tunakaribia kufunga twende kula."

"Nendeni."

Aliibana karatasi kwa kigutu isiteleze, akaanza: *Mimi, Anisia...* Herufi ya kwanza ilipinda. Aliiacha hivyo hivyo, akaendelea na ya pili.