Kazi Yoyote, Mahali Popote

Mwaka elfu moja mia tisa arobaini na sita, Nzai wa Changamwe alitaka kitu kimoja: kazi ya karani wa stoo, hapo hapo Changamwe. Mama yake, Mapenzi, alikuwa haoni, na hakuwa na mtu mwingine wa kumshika mkono kumpeleka uani.

Ng'ambo, kisiwani, palikuwa na ofisi ya kutafutia watu kazi. Haikutaka mengi. Uandike barua useme wewe ni nani, namba ya kipande chako, kile cheti cha kazi, kazi unayotaka, wapi, na umeifanya miaka mingapi. Jirani yake, Kaviha, aliandika kwa penseli mistari mitatu isiyo na hata salamu. Nzai aliisoma akasikitika. Mtu gani huyu, anamwamrisha mzungu?

Yeye alikwenda kwa Tsofa, mwenye taipureta kibarazani karibu na stesheni. Tsofa alikuwa hodari wa kunyenyekea kwa niaba ya wengine. Alijaza ukurasa mzima kwa taadhima, na Nzai alipomkumbusha ile miaka mitano aliyofanya kazi ya stoo, Tsofa alivua miwani.

"Kujisifu na kuchagua ni utovu wa adabu, bwana. Tuandike kazi yoyote, mahali popote. Wao wenyewe watakuuliza."

Nzai aliona raha. Usiku ule alimsomea mama yake barua yote, naye akasema mwanawe ameleleka.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili: kukata mkonge Voi, treni ya Jumatatu. Nzai alivuka mbio mpaka ofisini, akamkuta karani mmoja mnene aliyezungukwa na madroo yaliyobandikwa majina ya kazi. Karani alitoa barua kutoka droo la mwisho, lile lililofurika, akaisoma taratibu kama anayeonja mchuzi.

"Mahali popote," alisema. "Na Voi ni mahali."

Nzai alimpa kipande. Karani alikikunjua, akaona ile miaka mitano na sahihi za mabwana, na hapo kicheko kikamtoka.

"Mbona hukusema? Nafasi ya stoo ilikuwapo Changamwe, kwenye bohari ya mafuta. Tumempa juzi mtu wa miaka miwili. Kaviha."

Nzai aliuliza kama kuna nyingine. Hakuna, labda mwakani, aandike tena. Na safari hii, karani alimshauri, apunguze heshima.

Nyumbani mama alisikiliza habari yote, mikono imetulia mapajani. Nzai alieleza vizuri kabisa kuhusu adabu, na jinsi Tsofa alivyokuwa na hakika.

"Na huyo Kaviha," mama aliuliza, "aliyekosa adabu, atakuwa analala kwao?"

Nzai alisema ndiyo.

"Basi mpitie kabla hujaondoka. Mwambie awe ananipeleka uani."