Droni Iliyosifiwa Mno

Mimi ni Koplo Abalo, mtunza vielelezo katika kituo cha polisi hapa Kampala, na sipendi kupotezewa wakati. Droni ndogo ilikuwa imeokotwa juu ya paa la fleti huko Bugolobi, na watu wawili wakaja kuidai. Yenyewe niliiacha kabatini. Niliwaita mmoja mmoja, nikawaonyesha picha yake tu kwenye simu.

Bonny, mpiga video wa harusi, alitaja kila kitu kwa kidole.

"Afande, ni ya propela nne. Hivi ni vikinga vya propela. Betri inachomekwa hapa nyuma. Na hii ya mbele ni gimbal, inashikilia kamera isitikisike. Ndiyo iliyonifanya niinunue."

Nikamshukuru, nikamwita Oyugi, fundi wa redio kutoka Kisumu. Vikinga na betri alivitaja vilevile. Alipofika mbele akakunja uso.

"Na hii si gimbal?" nikamuuliza.

"Gimbal wapi, afande! Tazama, haina mikono, haina vimota. Ni plastiki ya kuzugia, kamera imegandishwa kwenye bodi. Hata mimi dukani nilidanganyika. Video zake zote zinatetemeka kama mtu mwenye homa."

Nikafungua kabati. Asubuhi nilikuwa nimeiinamisha huku na huku, na kamera haikucheza hata kidogo.

Bonny alipoona Oyugi anakabidhiwa droni, akapandisha sauti: yeye ndiye aliyeieleza vizuri zaidi.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndiyo maana si yako."