Koru wa Mfereji Mkubwa

Asubuhi ile Nelli alikuwa akioga. Alisimama kwenye sakafu ya matofali yaliyosuguliwa, akajimwagia kata ya kwanza, na maji yakateremka hadi pembeni, yakaingia tundu la ukutani kuelekea mtaani, kama yanavyofanya katika kila nyumba ya mji ule ulio kando ya mto Sindhu, ya tajiri na ya mfinyanzi. Hapo ndipo mumewe alipomsemesha kutoka tunduni.

"Mke wangu, punguza ufuta kichwani. Mafuta yanaganda huku."

"Umekula?" Nelli akauliza.

"Wafu hawali, we mwanamke."

"Nimeuliza tu."

Koru alikuwa amekufa siku moja kabla. Kazi yake ilikuwa kuzibua mifereji. Alikuwa akizoa matope kwenye karo, lile shimo lenye mtungi ambamo uchafu mzito hutuama ili maji mepesi yaendelee, na mara moja kwa mwaka, kabla mto haujafura, aliingia mfereji mkubwa unaopita chini ya mtaa wa juu. Ndani ya huo mtu husimama wima. Kuta zake huinuka na kusogeleana, tofali juu ya tofali, kila safu ikichomoza kidogo, mpaka zinakutana juu. Mifereji mingine yote hufunikwa kwa matofali yasiyo na udongo wala plasta kati yake, ili mzibuaji ayainue. Hata mtoto anajua kuwa kifuniko hakipigwi plasta.

Lakini Pasuval, mnyapara wa mtaa wa juu, alikuwa na wageni, wauza mawe kutoka milimani, na harufu ilimkera. Akaamuru vifuniko vyote vya mtaa wa juu vizibwe kwa plasta ya jasi. Mafundi walikuta kikapu cha Koru mdomoni mwa mfereji mkubwa. Wakakisogeza pembeni wasikichafue, wakaziba.

Siku ya kwanza Koru aligonga kutoka ndani. Nelli alikwenda kwa mnyapara, akapiga magoti.

"Mume wangu yumo, bwana mkubwa. Sikiliza mwenyewe."

"Namsikia," Pasuval alisema. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Lakini jasi ni mbichi, mama. Ukiibomoa sasa itapasuka yote. Ngoja siku saba."

Siku ya tatu Koru akafa. Siku ya nne akarudi kazini.

Mji mzima ulimsikia, kila mtu bafuni mwake. Alimwambia mke wa mfua shaba kwamba kipuli chake kimekwama kwenye bomba la udongo, kiungo cha pili kutoka juu, na kweli kilikuwepo. Aliwakaripia wanaomwaga maganda ya ngano. Wakimwona mpole, walimtania.

"Koru, huko kuna mtaa mzuri?"

"Mzuri. Ila majirani mnanuka."

Jioni alimtegea mkewe vitendawili, kama zamani. "Ana mdomo katika kila nyumba, na hajaonja chakula."

"Mfereji," Nelli akajibu.

"Umekosa. Ni mimi."

Nelli hakucheka. Alitaka kitu kimoja: amtoe mumewe, amlaze ardhini, kichwa kaskazini, na vyungu vyake pembeni, kama wanavyolazwa watu. Alikuwa amekwisha kuvinunua vyungu hivyo, vitano, vyekundu vyenye michoro ya samaki. Siku saba zilipotimia akavibeba kichwani mpaka kwa Pasuval.

"Jasi imekauka, bwana mkubwa."

"Imekauka vizuri mno," alisema Pasuval, akamkaribisha kiti. "Mama, umeona mifereji ilivyo? Haijawahi kuwa safi hivi. Mto umefura na hakuna bafu hata moja lililorudisha maji. Nikimtoa, nani atafanya?"

"Watu hai."

"Watu hai wanaumwa. Wanalala."

Nelli akashuka mtaani, akagonga milango. Walimpa tende, walimpa pole, wakamkalisha kivulini. Shoka hakuna aliyempa. Mke wa mfua shaba alimshika mkono. "Shoga, tumemzoea," akasema, na kipuli kilikuwa sikioni.

Akapiga jasi kwa jiwe mpaka vidole vikatoka damu. Ilikuwa kazi nzuri ya mafundi hodari. Haikubanduka hata kipande.

"Acha, mke wangu," Koru akasema chini ya miguu yake. "Vumbi linaniangukia."

Mwezi uliofuata wanyapara wa mtaa wa mashariki walikuja kutazama. Walisifu maji yanavyokwenda. Wakamuuliza Pasuval jasi hupondwa laini kiasi gani na huchukua siku ngapi kukauka, naye akawaeleza bila kuficha. Kisha mmoja wao akauliza, kwa adabu, kama Koru aliacha ndugu.

"Mmoja," Pasuval akasema. "Anafanya kazi kwenye karo za mashariki kwenu huko. Mzuri sana. Hachelewi kazini."