Mifano ya Kweli Ubaoni

Shoga yangu, mwalimu mwenzangu wa Kiswahili kwa wageni, hatungi mifano ya uongo. Kila sentensi anayoandika ubaoni imetoka maishani mwake.

Leo niliingia darasani kwake kuomba chaki. Alikuwa amenipa mgongo, akieleza: "Kitenzi 'kuwa' hutaja wakati. Kitenzi cha pili huonyesha kama jambo linaendelea au limekwisha." Nikasoma ubaoni:

Nilikuwa nikimpikia chai, mkewe alipokuwa akifundisha jioni.
Alikuwa ameshavua viatu.
Mwezi ujao nitakuwa nikiishi kwake.

Hapa shuleni, zamu ya jioni ni yangu peke yangu. Na mume wangu, asiyejua hata kuwasha jiko, kila nikirudi namkuta kaosha vikombe viwili.

"Mwalimu," mwanafunzi mmoja akauliza, "huyo mke anajua?"

Shoga akageuka. Chaki ikamdondoka. Niliiokota, nikaandika chini ya mifano yake:

Nilikuwa na mume. Nilikuwa na shoga. Mume akirudi leo, nitakuwa nimeshabadilisha kufuli.

"Nakilini," nikawaambia wanafunzi. "Nami situngi."