Chenga za Jana

Mfuko mpya wa kahawa kutoka Itumba ulitoa kahawa chachu na nyepesi. Maji yalipita kwenye chujio upesi mno. Mwanaasha, anayewauzia kahawa madereva wa malori pale Mpemba, alikaza mashine ya kusagia ili isage laini zaidi. Kikombe cha pili kikawa kichachu vilevile.

"Buni mbovu hii," alisema mumewe Aziz, akampigia mkulima, mzee Gwamaka. Simu haikupokelewa.

Mwanaasha aligonga mashine. Zikadondoka chenga nene za jana zilizokwama ndani. Akazimwaga, akasaga upya bila kukaza tena. Maji yakashuka polepole. Aziz alionja, akaongeza kikombe.

Simu ikaita. Mzee Gwamaka aliuliza kulikoni.

"Shikamoo, mzee," Aziz alisema. "Nilitaka kukusalimia tu."