Bawaba Zilizofukiwa Kwenye Samadi

Fundi Kornel wa Njoro alikuwa na kipaji adimu: kitu cha juzi alikipa sura ya miaka mia, na yote hayo bila kusumbuka kujifunza chochote.

Safari hii aliletewa kabati la marehemu mama yake Bi Nazlin, lenye milango miwili na bawaba nne za shaba ya njano. Moja ilivunjika, na kitasa kilipotea. Bi Nazlin alitaka vipatikane vya kufanana na vya zamani. Kabati likiharibiwa sura, angelihamishia kwa fundi wa Arusha. Kornel naye alishautangazia usharika mzima kwamba sasa yeye ni fundi wa vitu vya kale.

Kutafuta bawaba moja aliona ni kazi ya watu wadogo. Aling'oa zote nne, akazitupia skrepa, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akanunua seti mpya inayong'aa. Muuzaji aliapa ni shaba. Kornel, mtu wa imani, akaamini.

"Ungeijaribu kwa sumaku," mkewe, Epifania, alimwambia. "Shaba haishikwi na sumaku."

"Mama Lucky, unajua kushika randa wewe?"

"Sijui. Sumaku ndiyo ninayoijua."

Kornel akapanda Machame kwa dada yake, akazifukia kwenye samadi iliyolowa mkojo wa ng'ombe. Ule ukali wake huipa shaba weusi wa uzee. Hilo ni kweli kabisa, kwa shaba.

Siku kadhaa baadaye, aliporudi nazo karakana, Bi Nazlin alikuwa ameshafika. Kornel akafungua taratibu gazeti alilozifungia, kama anafunua mtoto mchanga. Utando wa shaba ulikuwa umebanduka. Chini yake chuma kimeota kutu kwa bidii.

"Zimezeeka, mama."

"Hizi zimeoza, Fundi. Na kitasa?"

"Kipo. Ila tundu lake la ufunguo limekaa pembeni kidogo ya lile la zamani. Nitatoboa jingine."

"Mlango wa mama yangu uwe na macho mawili?" Bi Nazlin akavuta pumzi. "Nirudishie bawaba zangu."

Kornel akatazama vumbi la mbao kana kwamba zimo humo. Akatoka mbio hadi skrepa. Huko akaambiwa zimeshayeyushwa, na kwamba ilikuwa shaba safi sana, alete nyingine.

Aliporudi alikuta wanaume wawili, walioitwa na Bi Nazlin, wakisubiri kulitoa kabati nje. Epifania alikuwa amepiga magoti kwenye fremu ya kabati, amebandika karatasi juu ya kishimo cha bawaba, anapitisha penseli. Umbo lote lilijitokeza, hadi matundu ya skrubu.

"Chonga mfano wa mti, Baba Lucky," alisema. "Msubi, yule mwenye kuyeyusha shaba, aukandamize kwenye mchanga, amimine shaba. Uzidishe kidogo, maana shaba ikipoa hunywea."

Kornel akamgeukia Bi Nazlin. "Ndivyo nilivyokuwa nataka kukueleza, mama."

"Vizuri. Kabati linakaa kwangu. Utakuja kupima nikiwa nimekaa hapo hapo, na umbali wa tundu la ufunguo kutoka ukingoni mwa mlango ndio utakaoupima kwanza," alijibu. "Na usije peke yako. Njoo na mwenye penseli."