Kodi Tisa za Wifi

Ujumbe uliingia saa tatu asubuhi, Fundi akiwa na pini nne mdomoni na mteja amesimama mbele yake na gauni la mkono mmoja. Simu ilitetemeka juu ya meza ya kukatia, ikasogea yenyewe mpaka kwenye chaki. Fundi akaichungulia kwa jicho moja. Halafu akatema pini zote.

"Nimeibiwa! Mchana kweupe, nimeibiwa!"

Chumba kizima kikaacha kazi. Na chumba kile cha ushonaji hakikosi watu: anayesubiri pindo, anayesubiri zipu, na wale wasiosubiri chochote, waliokuja kusikia nani kaachana na nani. Siku hiyo alikuwepo mwalimu mstaafu na suruali yake ya kupunguzwa kiuno, yupo mwenye gauni la mkono mmoja, yupo msusi wa saluni ya ng'ambo ya barabara, ambaye hakuwa na nguo yoyote ya kushona. Kwenye cherehani ya mwisho, karibu na dirisha, alikaa wifi yake Fundi, dada wa mumewe, akitia kola kwenye majoho ya kwaya. Majoho thelathini na mawili, ya kuchukuliwa Jumamosi. Na kola zile za kusimama, katika mtaa mzima, hakuna aliyeziweza ila yeye.

"Kakuibia nani?" msusi akauliza, akivuta kigoda karibu.

"Hawa wa filamu! Walisema mwezi wa kwanza bure. Haya, bure ikaisha, leo ndiyo ankara ya kwanza. Wamekwishakata kwenye simu, mara tatu ya bei waliyotangaza! Sikilizeni." Akasoma. "Kifurushi cha mwezi, sawa. Chaneli ya ziada, sijui ni mdudu gani. Kodi. Kodi. Kodi. Kodi..." Akahesabu kwa kidole. "Kodi mara tisa! Halafu chini kabisa, Kodi ya Ongezeko la Thamani. Ya kumi hiyo!"

"Mimi nimelipa kodi miaka thelathini na minne," mwalimu akasema, "ila mara tisa kwa mwezi sijawahi kuisikia."

"Labda wanatoza kila ukicheka," msusi akasema.

Fundi hakucheka. Akapiga huduma kwa wateja, akaweka sauti ya nje ili kila mtu awe shahidi. Bonyeza moja, akabonyeza. Bonyeza nne, akabonyeza. Tafadhali subiri, wewe ni wa kumi na nne kwenye foleni. Kisha ukaja muziki, ule ule, unafika katikati na kuanza upya. Mwenye gauni akachoka kusimama, akakaa juu ya pini. Fundi alishika simu mbele ya uso kama kioo, na kila muziki ulipoanza upya naye alianza upya: wezi hawa, wanyonyaji hawa, sauti tamu na mikono mirefu.

Hatimaye akapokea binti mmoja mpole.

"Mama, hiyo kodi si ya serikali. Ya serikali ni ile moja ya chini. Hizo tisa ni filamu zilizokodiwa. Filamu nyingi zimo ndani ya kifurushi, ila baadhi ya mpya hukodiwa mojamoja."

"Mimi sijakodi hata kiti!"

"Zimekodiwa kwenye televisheni ya nyumbani kwako, mama. Kwenye wasifu unaoitwa... samahani, W, I, F, I. Ni waifai?"

Cherehani ya dirishani ikasimama.

"Siyo waifai," Fundi akasema taratibu. "Ni wifi. Wifi yangu."

Akakata simu bila hata kuaga.

"Wifi, kumbe!" akageuka. "Nakuwekea jina lako kwenye televisheni yangu, nakupa na picha ya ua, nawe unanikamua kimyakimya?"

"Mimi?" Wifi mtu akavua subana kidoleni. "Hata rimoti yenyewe naishika kwa zamu. Na hilo jina uliandika mwenyewe. Mimi wifi yako, wewe wifi yangu. Sasa hiyo wifi ya kwenye ankara ni yupi kati yetu?"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichomponza Fundi. Mtu aliyeibiwa huvumilia mengi, kuchekwa hakumo. Ulimi ukateleza, ukaenda mahali ambapo hakuna mkono wa kuufuata.

"Ndiyo maana ndoa ilikushinda! Mkono wako haujui kipi chako na kipi cha mwenzio!"

Hakuna aliyecheka tena. Msusi akaangalia chini. Wifi akakata uzi, akaukunja mkanda wa futi, akachukua mkasi wake mkubwa, akauviringisha kwenye kitambaa na kuutia kwapani. Akavuka barabara.

Fundi wa nguo akitoka na futi anakwenda kupima mtu. Akitoka na mkasi, amehama.

Majoho kumi na tisa yalibaki bila kola. Fundi akaketi kwenye kiti cha wifi yake, bado kina joto, akajaribu moja. Kola ikasimama upande mmoja na kulala upande wa pili, kama sikio la mbuzi. Akaifumua. Hasira yake ilikuwa na tundu sasa, lakini alikuwa bado anaipulizia.

"Hizo kodi hazina tarehe?" mwalimu akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Tarehe za nini?"

"Ankara yoyote ina tarehe, binti yangu. Hapo umesoma muhtasari tu."

Fundi akaitafuta. Chini, kwa herufi za mchwa, palikuwa na maneno Maelezo Zaidi. Akabonyeza. Ikafunguka orodha yenye jina la filamu, siku, saa na wasifu. Jumanne, saa nne na dakika saba asubuhi. Alhamisi, saa tano kasoro. Jumanne nyingine, saa nne na nusu. Filamu moja ya daktari na mjane ilikuwepo mara tatu. Zote tisa asubuhi za siku za kazi.

"Jumanne iliyopita saa nne," mwalimu akasema, "nilikuwa hapa. Wifi yako alikuwa ananipima kiuno. Nakumbuka, maana alinitania kitambi."

Saa nne asubuhi wifi hukaa dirishani, kila siku, kila mtu anajua. Mumewe Fundi alikuwa safarini na lori lake tangu mwezi jana. Basi nyumbani, mitaa miwili kutoka pale, saa nne asubuhi hubaki nani?

Fundi aliondoka na pini bado zimechoma kifuani mwa blauzi.

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, miwani kwenye ncha ya pua. Kwenye kioo cha televisheni, daktari alikuwa anamshika mjane mkono.

"Karibu, mkwe wangu. Mbona unahema? Kaa, huyu daktari leo anasema ukweli."

"Mama, shikamoo. Hii filamu umeiwashaje?"

"Marahaba. Si najifunza! Nikifungua yanakuja majina yenu, nabonyeza lenye ua, ndilo zuri. Halafu kuna filamu zinauliza: Nunua, au Kodi." Akainua kidole. "Nunua siigusi. Mimi si mjinga, siwezi kukununulia vitu bila ruhusa. Nabonyeza Kodi."

"Na Kodi ulidhani ni nini, mama?"

"Ya nyumba! Kwani mwanangu halipi kodi kila mwezi? Siku tunahamia, mwenye nyumba alisimama pale mlangoni, akasema maji na taka vimo ndani ya kodi. Nikasema, na filamu nazo zimo. Mwenye nyumba mwema sana yule."

Fundi alifungua kinywa. Kelele zote alizozitunza tangu saa tatu zilikuwa pale, zimejipanga, na hazikuwa na pa kwenda. Utamfokea nani? Yeye mwenyewe alisoma neno lile lile asubuhi ile na kuliona la serikali. Neno moja, na kila aliyelisoma alikwenda nalo njia yake.

"Na huyu daktari mara tatu?"

"Nasinzia, mwanangu. Nikirudi kesho kutwa imefungwa, inauliza tena Kodi."

Filamu ya kukodi hudumu saa arobaini na nane. Filamu ikishaanza, muda ukipita imefungwa. Fundi akapiga tena, wa ishirini na moja kwenye foleni, muziki ule ule. Safari hii akapokea kijana. Kijana akasema pesa za filamu zilizokwisha kuanzwa hazirudishwi. Iko moja haijaguswa, pesa ya hiyo itarudishwa. Akamwelekeza kuweka namba ya siri ili mtu asikodi wala kununua bila kuulizwa. Kisha akamwomba aipime huduma hiyo kwa nyota moja hadi tano. Fundi akazima simu kabla hajasema la dhambi.

Alipofika saluni, wifi alikuwa amekaa chini ya kikaushio, kichwa kikavu kabisa, mkasi mapajani, na saluni yote imemzunguka. Msusi alikuwa anasimulia, na kwa mikono yake ilivyokwenda, alikuwa amefika kwenye ndoa. Fundi akatamani sakafu immeze. Maisha yake yote alikuwa upande wa wanaosimulia.

"Wifi, ni mama," akasema. "Alidhani ni kodi ya nyumba. Nimekukosea. Lile neno la mwisho nimekukosea zaidi."

"Ulilisema wapi?"

"Wifi..."

"Ulilisema wapi, nauliza."

"Kwangu. Mbele ya wateja."

"Basi." Wifi akasimama. "Twende tukalitoe palepale. Nawe msusi njoo, usije ukasikia nusu."

Wakavuka wote. Mwalimu alikuwa bado anasubiri kiuno chake. Mwenye gauni bado ana mkono mmoja. Wifi akabaki mlangoni, mkasi kwapani.

"Soma ankara, mstari kwa mstari. Kwa sauti ile ya asubuhi."

Fundi akasoma. Jina la filamu, siku, saa, na kila saa akaongeza: "Wifi yangu alikuwa hapa, anafanya kazi." Mara tisa. Alipomaliza ya tisa akasema, "Na ndoa haikumshinda. Mimi ndiye niliyeshindwa na ulimi." Akaishusha simu.

"Umeruka mmoja," mwalimu akasema.

"Upi?"

"Chaneli ya ziada. Yule mdudu."

Fundi akaitafuta. Akaisoma moyoni kwanza, na uso ukamwiva.

"Kwa sauti, wifi," wifi akasema.

"Chaneli ya ziada. Ya magauni ya harusi. Siku saba za majaribio zimekwisha bila kusitishwa." Akashusha kidole. "Wasifu, Fundi. Saa tatu usiku."

Msusi alikuwa wa kwanza kuanguka kwa kicheko, akafuata mwenye gauni, mwalimu akafuta machozi kwa mguu wa suruali yake mwenyewe. Fundi akasimama katikati yao na simu yake, hana wa kumshitaki.

Wifi alipita, akaketi, akakunjua kitambaa. Mkasi ukagonga meza. Akaishika ile kola ya sikio la mbuzi, akaitazama mbele, akaitazama nyuma.

"Na hii," akauliza, "nani kaikodi?"